Mvumo wa sistoli: mitrali inavuja au aota imebana?

Swali: Shikamoo daktari. Nasomea utabibu hapa Tanga. Kwenye mtihani wa vitendo nasikia mvumo kifua kizima, kuanzia ncha ya moyo hadi juu. Nitajuaje kama ni vali ya mitrali inayovuja au ni ya aota iliyobana?

Jibu: Marahaba. Kwanza omba feni izimwe. Kwa joto la Tanga watanung'unika, lakini mngurumo wake humeza mivumo laini.

Kabla ya kuuliza mvumo uko wapi, uliza unatokea lini. Stethoskopu ikiwa kwenye ncha, gusa taratibu karotidi ya upande mmoja. Mvumo ukienda sambamba na pigo hilo, ni wa sistoli. Pigo la kifundo cha mkono usilitegemee, kwani huchelewa kufika.

Kisha tafuta sauti ya pili ya moyo, maana hapo ndipo wengi wanapoteza alama. Mitrali inapovuja, presha ya ventrikali ya kushoto huizidi ya atiria kwa sistoli nzima, kwa hiyo mvumo huanza na sauti ya kwanza na kuendelea kwa nguvu ileile mpaka kuifikia ya pili. Aota iliyobana haipitishi damu mpaka vali ifunguke. Mvumo wake huanza baada ya kitambo, hupanda, hushuka, na huisha kabla ya sauti ya pili.

Tuseme umepewa dada wa miaka 26 anayehema akipanda ngazi. Pigo la ncha limesogea hadi nafasi ya sita ya mbavu, nje ya mstari wa katikati ya mtulinga. Mvumo umejaa sistoli nzima, na sauti ya kwanza ni hafifu. Sogeza stethoskopu kidogo kidogo kuelekea kwapa: mvumo unakufuata. Mlaze ubavu wa kushoto, atoe pumzi na kuizuia: unaongezeka. Hiyo ni mitrali inayovuja. Kama ingekuwa aota, ungeusikia zaidi nafasi ya pili ya mbavu, kulia kwa mfupa wa kidari, ukipanda shingoni, na kama imebana sana pigo la karotidi lingeinuka polepole.

Mtego upo kwa wazee. Aota iliyobana inaweza kusikika vizuri kwenye ncha, tena kwa sauti kama ya muziki, ukadhani ni mitrali. Huo kwa kawaida hauendi kwapani. Mtego wa pili ni mitrali ambayo jani lake la nyuma limelegea: damu hurudi ikielekea mbele, na mvumo hupanda juu ya kifua kama wa aota. Ukikwama, subiri pigo linalokuja baada ya kituo kirefu, kama mapigo hayana mpangilio. Wa aota utaongezeka nguvu, wa mitrali hautabadilika sana.

Mvumo ukizidi mgonjwa anapovuta pumzi, kwenye ukingo wa chini kushoto wa kidari, fikiria trikuspidi. Na usimwambie mtahini kuwa ugonjwa ni mkali kwa sababu tu mvumo ni mkubwa. Aota iliyobana sana, moyo ukishachoka, mvumo wake hufifia.