Wadogo zangu wa fildi, grafu yako ina vipande vingapi?

Jana jioni nimekaa na wale vijana wawili waliokuja fildi hapa Tanga, nikawaambia wanionyeshe programu yao ya kupanga mafundi na kazi, nikafungua, mstari wa kwanza kabisa naona `bfs(1)`, yaani utafutaji wa jirani kwa jirani unaoanzia nodi 1 peke yake. Jamani. Miaka inapita, vijana wanabadilika, kosa ni lile lile. Nimewapenda hao watoto, wanajituma, lakini ilibidi nitoke nje kwanza nikanywe maji. Sasa naandika hapa ili mwingine asinirudishie hii kitu.

1. Usianzie nodi moja ukadhani umemaliza.

Kila mtu ni nodi, kila kazi ni nodi, na mstari unaunganisha mtu na kazi anayoiweza, kwa hiyo grafu inatakiwa iwe ya pande mbili, watu huku kazi kule, bila mstari ndani ya upande mmoja. Kupaka rangi ili kukagua hilo mnakujua: nodi ya kwanza nyekundu, jirani zake buluu, jirani wa jirani nyekundu tena, ukikuta mstari ambao ncha zake zote mbili zina rangi moja basi grafu siyo ya pande mbili, una mzunguko wenye idadi witiri ya mistari mahali fulani. Hiyo mnaijua wote. Msichokishika ni kwamba `BFS` inafika pale tu mistari inapofika. Karakana ina watu wa injini, watu wa umeme, watu wa kulehemu, na mtu wa injini hagusi kazi ya umeme, kwa hiyo grafu yako ni vipande vitatu visivyoshikana. Ukianzia nodi 1 umekagua kipande kimoja, vingine viwili hujavigusa, na programu inakujibu "sawa".

Mimi hili limeniuma. Nilikuwa na mwaka wa pili kazini, nimepewa nitengeneze rosta ya karakana moja humu humu mjini, mafundi na vibarua jumla kumi na mmoja, na kazi kumi na moja. Nikaandika `bfs(1)`, nikaijaribu kwenye data ya watu wanne niliyoitunga mwenyewe, yote ya injini kwa sababu ndiyo niliyoielewa, ikapita. Usiku nikaweka data yenyewe, ikasema sawa, nikachapa karatasi, nikaiacha kwa sapavaiza nikapanda baiskeli nikarudi zangu Ngamiani nimelala vizuri kabisa. Ilikuwaje: hatua ya pili ya programu ilikuwa inachukua wenye rangi nyekundu kuwa ndio wafanyakazi, na ambao hawajapakwa inawaruka. Kwa hiyo karatasi ilitoka na majina manne. Asubuhi sapavaiza kasimama getini kasoma majina manne, wengine saba akawaambia leo hamna kazi, rudini. Kati yao kuna vibarua walitoka Pongwe na Mabokweni alfajiri, na kibarua analipwa kwa siku, akirudishwa getini siku imekufa, nauli yake na chakula cha watoto vimekwenda. Mimi nimefika saa tatu nakuta pampu ya maji imelala, hakuna fundi, nauliza watu wako wapi, sapavaiza ananionyesha karatasi yangu mwenyewe. Sikuwa na neno. Mmoja nilimfuata kituoni nikamkuta bado anasubiri daladala, kafunga chakula chake kwenye kitambaa, akaniuliza "kwani nimekosea nini kaka?" Hakukosea kitu. Nilikosea mimi, kitanzi kimoja cha `for` sikukiandika.

Kitanzi chenyewe ndio hiki, `jirani` ni kamusi ya kila nodi na jirani zake, 0 ni nyekundu, 1 ni buluu:

```python
from collections import deque

rangi = {}
for s in jirani:
    if s in rangi:
        continue
    rangi[s] = 0
    foleni = deque([s])
    while foleni:
        u = foleni.popleft()
        for v in jirani[u]:
            if v not in rangi:
                rangi[v] = 1 - rangi[u]
                foleni.append(v)
            elif rangi[v] == rangi[u]:
                print("mgongano", u, v)
```

Baada ya kukiweka, mchana ule ule ikatoka "mgongano", upande wa umeme. Kumbe kosa la kwanza lilikuwa limefunika la pili. Jedwali lilikuwa na safu ya msaidizi, na mimi kila safu nimeigeuza mstari, kwa hiyo fundi umeme ameunganishwa na pampu, kibarua wake ameunganishwa na pampu, halafu fundi na kibarua wameunganishwa wao kwa wao. Pembetatu hiyo. Fundi nyekundu, pampu buluu, kibarua naye buluu kwa sababu ni jirani wa fundi, halafu pampu na kibarua wanatazamana wote buluu. Mtu kuunganishwa na mtu siyo uwezo wa kufanya kazi, ule mstari haukutakiwa kuwemo kabisa. Kwa hiyo mgongano ukitoka msikimbilie kurekebisha programu, chapeni zile nodi mbili mkaangalie data, mara nyingi jibu liko huko.

2. Rangi siyo cheo. Kipande ulichokianzia kwa fundi, nyekundu ni mafundi, ulichokianzia kwa kazi, nyekundu ni kazi, na fundi ambaye hana mstari hata mmoja atakuwa nyekundu peke yake. Nani ni mfanyakazi soma kwenye jedwali, rangi itumie kukagua tu.

3. Kupita rangi siyo kwamba kila mtu kapata kazi. Hapa ndipo yule kijana wa pili alipokwama jana, anampa kila mtu kazi ya kwanza anayoiweza, akifika mwisho mtu kabaki mikono mitupu anasema haiwezekani. Inawezekana! Tazama: A anaweza pampu au geti, B anaweza pampu tu, C anaweza geti, tangi au jenereta. A kapewa pampu, C kapewa geti, B kaja hana kitu. Usimkatie tamaa, mtume aombe: B anataka pampu, pampu anayo A, A je, unaweza kuhama? Naweza geti, lakini geti analo C. C je? Naweza tangi, na tangi liko wazi. Basi wote wanasogea, B pampu, A geti, C tangi. Umepita mistari mitano, mitatu mipya na miwili ya zamani, ukabadilishana, waliopangiwa wametoka wawili wakawa watatu. Rudia hivyo kwa kila aliyebaki, ukiwa na watu mia chache hiyo inatosha, msije na algorithimu ya haraka ya Hopcroft na Karp ya 1973 kwa karakana ya watu kumi na mmoja. Na hii ya kuombana inategemea pande mbili ziwe kweli pande mbili. Kwenye grafu yenye ile pembetatu yangu utafutaji huu wa kawaida unaweza kukosa njia iliyopo, hapo unahitaji algorithimu ya Edmonds ya 1965 ambayo ni nzito zaidi.

4. Ikishindikana kweli, sema kwa nini. Ongeza D anayejua pampu na geti tu. Kazi nne, watu wanne, lakini ombi la D linapita kwa B na A halafu linakufa. Andika uliowafikia: watu D, B, A, kazi pampu na geti. Watu watatu wanagombea kazi mbili, hiyo ndiyo aliyoithibitisha mwanahisabati Philip Hall 1935, hakuna mpangilio wa kuwatosha. Msichape "imeshindikana" peke yake, chapeni yale majina matatu na zile kazi mbili. Jana nilimfanya kijana achape hivyo, tukampelekea sapavaiza, kasoma karatasi mara moja, kageuka kamwita D aende kwa C akafundishwe jenereta.