Sahani kwa vichwa, muziki kwa nusu

Swali la wiki: “Familia mbili tunafanya harusi moja. Wageni wetu ni 80, wa wakwe zetu ni 160. Wanataka kila gharama, muziki hata ukumbi, tuchange sawa kwa sawa. Sisi tunasema kila kitu kigawanywe kwa idadi ya wageni. Nani ana haki?”

Kila upande una haki nusu. Niliwahi kuwa mhazini wa harusi ya namna hii, na daftari lilinifundisha kuanza na swali moja: kila familia ingefanya sherehe yake peke yake, ingelipa kiasi gani? Jumlisheni hizo mbili, mtoe gharama halisi ya kufanya pamoja. Kinachobaki ni akiba iliyoletwa na kuungana. Haikuletwa na upande mmoja, kwa hiyo igaweni katikati.

Chukua ukumbi. Nitatumia mafungu badala ya fedha. Tuseme ukumbi wa watu 80 ni mafungu 60, wa watu 160 ni 80, na wa watu 240 ni 100. Mkijitenga mngelipa jumla 140, pamoja mnalipa 100, kwa hiyo mmeokoa 40. Kila upande upunguziwe 20: nyinyi mlipe 40, wakwe walipe 60. Kwa kuhesabu vichwa mngelipa 33 na kidogo, na wao karibu 67. Kwa sawa kwa sawa, 50 kwa 50. Hesabu hii imekaa katikati kwa sababu bei ya ukumbi haipandi mgeni mmoja mmoja. Inapanda kwa ngazi, na ile ngazi ya kwanza hata nyinyi msingeikwepa.

Muziki ni rahisi zaidi. Wapigaji hawaulizi wamekuja wangapi. Kama kila familia ingewalipa mafungu 30, na pamoja bado ni 30, basi ni 15 kwa 15. Hapa wakwe wako wamepatia. Ila kama nyinyi peke yenu mngetosheka na spika za kukodi za mafungu 10, akiba inakuwa 10 tu: mlipe 5, wao 25. Ndipo ujanja unapoingia, maana bei zikishajulikana kila mtu atasema yeye angetosheka na spika. Sisi tuliandika kwanza, kila upande kwenye karatasi yake, kwamba peke yetu tungefanya nini. Bei tukaziuliza baadaye.

Chakula hakina akiba ya kugawana, labda mpishi awapunguzie bei kwa wingi. Sahani ni sahani, na wenye 160 walipe 160. Ugomvi wetu sisi haukuwa kwenye kugawa, ulikuwa kwenye kuhesabu. Tulikuta majina 20 yako kwenye orodha zote mbili: majirani, wafanyakazi wenzao maharusi, rafiki wa huyu aliyesoma na yule. Tuliyaweka ukurasa wa peke yake, kumi yakahesabiwa kwetu na kumi kwao. Watoto wa nusu sahani tuliwahesabu wawili kwa mmoja. Sahani za wapiga muziki na wapiga picha zikagawanywa nusu kwa nusu, kwa kuwa hao si wageni wa mtu.

Lililotutoa jasho ni siku ya kuhesabu. Kadi zilizotoka ni idadi moja, waliothibitisha ni nyingine, na waliokaa mezani ni ya tatu. Mpishi wetu alidai kwa idadi tuliyompa siku tano kabla. Baada ya sherehe, baba wa upande wa pili akanijia: “Mkwe, wangu 29 hawakutokea, nipunguzie.” Nikamwonyesha risiti. Chakula chao kilikwisha kupikwa na kulipwa, na kama ningempunguzia yeye, angekilipa nani kama si sisi? Hakufurahi, lakini alilipa.

Kwa hiyo wekeni siku ya kufunga orodha, iwe ile ile ya kumpa mpishi idadi, na pande zote mbili zitie sahihi. Anayeongeza jina baada ya hapo analipa sahani hiyo mwenyewe. Anayepunguza majina baada ya ukumbi kulipiwa hapunguziwi fungu lake la ukumbi, maana ukubwa ulichaguliwa kwa idadi yake.

Orodha yetu sisi haikuwa na sahihi. Nilipoifungua mara ya mwisho, upande wetu ulikuwa na majina saba ya penseli. Shangazi yangu, aliyeazima daftari “kidogo tu” jioni ile, alisema hayajui. Sahani zile saba tulizilipa sisi.