Maharagi ya mchana yakirudi usiku: tumbo langu baada ya miaka 19 ya kisukari

Nilitapika saa tatu usiku, na kilichonitisha kilikuwa ndani ya beseni. Maharagi yalikuwa mazima na maganda yake. Bugali ulikuwa bado vidonge vidonge, kama nilivyoumeza. Nilikuwa nimekula saa saba mchana, tangu hapo sikutia kitu mdomoni isipokuwa chai kikombe kimoja.

Mdogo wangu alisimama mlangoni na taa ya simu, akaangalia, akanyamaza kidogo. "Yaya, hii iko karuho."

Kwa wasiotoka huku Bukavu: karuho ni ile sumu ya polepole ambayo watu wa Kivu wanaamini huwekewa mtu kwenye chakula au kinywaji. Mtu akikonda, akitapika, akishiba kabla ya kula, jina hilo halikawii. Na mimi nilikuwa na vyote vitatu. Miezi minne nzima nilikuwa nikila vijiko vitano sita, tumbo linajaa kama nimemaliza sinia. Asubuhi naamka bila njaa, nikicheua harufu ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, niliyokula jana.

Nikapelekwa kwa mtu anayetibu mambo hayo. Alinipa majani machungu ninywe ili nitapike. Nikatapika, na kikatoka chakula cha siku iliyotangulia. Akasema, si unaona? Kile kilichokuwa dalili ya ugonjwa wangu ndicho kilichokuwa ushahidi wake. Nimeweka habari hii mwanzoni kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyepita njia hiyo. Kama una kisukari cha miaka kumi na zaidi na unatapika chakula kizima masaa mengi baada ya kula, kabla ya kumtafuta aliyekuroga, mfikirie kwanza huyo sukari mwenyewe.

Siku mbili za majani sikula, na kwa kuwa sikula nikaona hakuna haja ya kuchoma insulini. Hilo ndilo kosa lililokaribia kunimaliza. Siku ya tatu nilikuwa napumua haraka na kwa kina kama mtu aliyepanda ngazi za mtaa wetu wa Kadutu na mzigo kichwani, kinywa kikavu, sukari imepita kipimo cha mashine. Damu ilikuwa imeingia asidi. Nililazwa, nikawekewa maji ya mshipa na insulini. Mtu wa insulini akitapika, ile sindano ya polepole, ya kukaa mwilini siku nzima, haiachwi kabisa. Huenda kipimo kikapunguzwa na daktari, lakini hakiondolewi.

Daktari aliyenipokea aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, unatapika muda gani baada ya kula, na chakula kinafanana na nini?" Nikamweleza. Akaomba kipimo cha kamera inayoshushwa kwa mdomo. Sikuwa nimekula tangu saa mbili usiku, na kipimo kikafanyika saa tatu asubuhi, masaa kumi na matatu baadaye. Maharagi yalikuwa yamekaa humo, yakisubiri. Hakukuwa na kidonda kilichoziba, wala uvimbe, na mlango wa chini wa tumbo ulikuwa wazi. Tumbo lenyewe ndilo lililokuwa halisukumi.

Kipimo hicho kina hatari yake ndogo ambayo sikuijua: tumbo likiwa na chakula, unaweza kukicheua kikaingia kwenye mapafu, hasa ukipewa dawa ya usingizi. Kama unashuku tumbo lako ni zito, waambie mapema. Mara ya pili mimi niliambiwa nikae siku nzima kwa vinywaji tu.

Alinieleza hivi. Tumbo ni kinu. Linasaga chakula mpaka kiwe uji wa chembe ndogo sana, ndipo linaufungulia mlango kidogo kidogo. Amri ya kusaga na kusukuma hupita kwenye neva ndefu inayotoka kichwani, iitwayo vagasi. Sukari ya juu ya miaka mingi huiharibu, kama inavyoharibu neva za nyayo. Mimi vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi miaka mitatu kabla, sikuwaza kwamba na tumbo linaweza kufa ganzi. Madaktari wanaiita gastroparesisi. Maji na vitu vyepesi hupita karibu kama kawaida, hata kwa mvuto wa ardhi tu. Kinachokwama ni kigumu, chenye mafuta, na chenye nyuzi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa daftari langu la sukari, lililokuwa limenichanganya mwaka mzima. Chukua siku moja tu. Saa sita na nusu nachoma insulini ya haraka, saa saba nakula bugali, sombe na maharagi. Saa tisa kasorobo natetemeka, jasho linanitoka, mashine inasoma 54 mg/dL. Nakunywa maji ya sukari. Saa moja jioni, sijala kitu kingine cha maana, mashine inasoma 318. Muuguzi aliniuliza kama ninakula kwa siri. Hapana. Insulini ilifika kazini kwa wakati wake na kukuta hakuna chakula, ikashusha sukari ya damu. Chakula kikateremka jioni, insulini imekwisha kurudi nyumbani. Ukiona mtindo huo, chini mara baada ya kula na juu masaa matano sita baadaye, mpelekee daktari daftari lenyewe, usimwelezee kwa mdomo. Na sukari ikiwa juu sana, nayo inazidi kulichelewesha tumbo, kwa hiyo mambo hayo mawili hulishana.

Kwangu daktari alihamisha ile sindano ya haraka: siku hizi naichoma baada ya kula, nikishaona chakula kimekaa. Sisemi ufanye hivyo wewe. Insulini ziko za aina nyingi na kila moja ina saa zake. Nasema tu kwamba saa ya sindano inaweza kubadilishwa, jambo ambalo mimi miaka yote nililidhani ni amri. Na sukari ikishuka, biskuti na ndizi haziniokoi, zinakwenda kupanga foleni. Natumia sukari iliyoyeyushwa kwenye maji, nakunywa, napima tena baada ya dakika 15.

Sasa chakula. Hapa ndipo kichwa kiliniuma, kwa sababu miaka 19 nilifundishwa kwamba mwenye kisukari ale maharagi na maganda, mboga za majani kwa wingi, unga usiokobolewa, matunda na nyama zake zote. Ni mafundisho mazuri kwa tumbo linalosaga. Kwa tumbo langu vyakula hivyo vilikuwa kamba. Nyuzi zinazobaki siku kwa siku zinaweza hata kujisokota zikawa bonge gumu ndani. Niliona kama namsaliti muuguzi aliyenifundisha, kwa hiyo nilimwendea nikamwambia. Alicheka, akasema sheria ile iliandikwa kwa wenye vinu vizima.

Kanuni niliyopewa ni ya uma. Kama chakula kinapondeka kwa uma mpaka kiwe laini kama viazi vilivyopondwa, kinaingia. Kama hakipondeki, ama kisagwe, ama kibaki kwenye sufuria. Si suala la kuacha chakula chetu, ni suala la kukibadilisha umbo. Maharagi bado nakula, ila yanachemshwa mpaka yalegee, yanapitishwa kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko, ule mchuzi mzito unateremka na maganda yanabaki juu. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wa kukaanga na vichwa na miiba yao, nimewaacha. Nanunua wakavu, nawatwanga wawe unga kama tunavyowafanyia watoto, kijiko kimoja kinaingia kwenye buyi, yaani uji, au kwenye mchuzi. Tilapia wa kuchemsha anafaa, bila ngozi. Lenga-lenga, yaani mchicha, nachagua majani machanga bila vijiti, nayapika sana. Sombe ndiyo niliyolia nayo: inatwangwa, ndiyo, lakini nyuzi zinabaki, na mawese juu yake. Vijiko viwili Jumapili, basi. Maboga na karoti vimechukua nafasi yake. Chungwa nakamua na kuchuja, paipai lililoiva nakula hivyo hivyo.

Na bugali. Wengi wetu hatutafuni bugali, tunaumeza. Tonge linaingia zima, na kinu cha tumbo ndicho kinachoachiwa kazi. Nimeulegeza, tonge nalifanya dogo kama kidole gumba, na natafuna hata kama wenzangu wamemaliza na kunawa.

Kiasi nacho kilibadilika. Badala ya sahani mbili kubwa, nakula mara sita, kila mara kiasi kinachoenea kwenye kikombe cha chai. Chakula cha mwisho kigumu ni saa kumi jioni. Usiku ni buyi mwepesi au supu, kwa sababu tumbo langu hufanya kazi vizuri asubuhi na kuchoka jioni. Baada ya kula sijilazi masaa mawili. Natembea hadi kwa jirani na kurudi, polepole. Soda na bia vimeondoka. Ubaya wa mpango huu nausema wazi: vyakula laini hivi hupandisha sukari upesi vikifika, kwa hiyo napima mara nyingi zaidi, na vipande vya kupimia ni ghali.

Kuhusu dawa, sitasema mengi. Nilipewa metoklopramidi, ikanisaidia kichefuchefu, lakini siku ya nne miguu haikutulia hata kitandani, nikarudi ikasimamishwa. Inatolewa kwa muda mfupi, kwa kuwa ikizidi inaweza kuleta mtukutiko wa uso na ulimi usiokwisha. Domperidoni nayo inahitaji moyo uangaliwe. Usizichukue dirishani kama pipi. Lakini lililoniuma zaidi ni zile nilizokuwa nikimeza bila kuuliza: butilskopolamini kwa maumivu ya tumbo na tramadoli kwa mgongo. Zote mbili huzidi kulilegeza tumbo. Nilikuwa nakanyaga breki huku nikilalamika gari haliendi.

Ni miezi kumi sasa. Natapika labda mara moja kwa mwezi, karibu kila mara baada ya sherehe. Nimerudisha kilo nne kati ya tisa nilizopoteza. Kushiba mapema hakujaisha, na daktari hakunidanganya kwamba neva itarudi. Nikitapika damu, au maji yakikataa kukaa siku nzima, au sukari ikikaa juu ya 300 na pumzi inakimbia, sisubiri kuche.

Mdogo wangu ndiye anayechuja maharagi siku hizi. Maganda anawamwagia kuku, nao hawajawahi kurudisha kitu.