Swali la lugha: Ni jeni inayosababisha, au ni pombe?

"Mimi ni muuguzi mjini Iringa, nami ninatafsiri muhtasari wa utafiti kuhusu pombe. Niliandika 'toleo hili la jeni husababisha shinikizo la juu la damu'. Mwenzangu amefuta na kuandika kwamba jeni ni 'nyenzo'. Yupi yuko sahihi?"

Mwenzako yuko sahihi, kwa kuwa kiima cha "husababisha" katika utafiti huo ni pombe. Ukilinganisha tu wanywaji wa ulanzi na wasiokunywa, hutajua kama tofauti ya shinikizo imetokana na ulanzi, au na sigara na ugumu wa maisha unaoandamana nao. Kwa hiyo watafiti huegemea kura ambayo kila mtu hupigiwa tangu kutungwa mimba, anaporithi nakala moja ya jeni kwa kila mzazi. (Kwa Kiingereza njia hii huitwa "Mendelian randomization", kwa jina la Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, nami nakusihi neno hilo la pili usilitafsiri kwa "kunasibisha", kitenzi ambacho maana yake ni kuhusisha.)

Wenzo, ambao wingi wake ni nyenzo, ni mti wa kusukumia gogo, na maana hiyo ya asili inafaa sana hapa: wenzo ni jeni, na gogo ni unywaji wa pombe. Sharti la kwanza ni kwamba wenzo uliguse gogo. Katika Asia ya Mashariki liko toleo la jeni ya ALDH2 linalodhoofisha kimeng'enya cha kuondoa asetaldehaidi, sumu itokanayo na pombe. Mwenye toleo hilo akinywa huiva uso na moyo humwenda mbio, hivyo hunywa kidogo. Sharti la pili ni kwamba anayeurithi asiwe tayari anatofautiana na wengine kwa jambo jingine linaloathiri shinikizo, na kwa kuwa toleo hilo limeenea zaidi katika baadhi ya maeneo, hulinganishwa watu wa eneo moja.

Sharti la tatu ndilo gumu: wenzo usisukume kitu kingine chochote isipokuwa gogo. Kama jeni hiyo ingepandisha au kushusha shinikizo kwa njia yake yenyewe, hesabu yote ingeharibika, wala hakuna kipimo kinachothibitisha moja kwa moja kwamba haifanyi hivyo. Hata hivyo, upo ushahidi mzuri. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, wanaume wenye nakala mbili za kawaida walikuwa na shinikizo la juu kwa takriban milimita 7 za zebaki kuliko wenye nakala mbili zilizobadilika. Kwa wanawake, ambao katika jamii hizo hunywa kidogo mno, tofauti kama hiyo haikuonekana. Pasipo na pombe, jeni haikusukuma kitu.

Andika basi: "Toleo hili la jeni, likitumiwa kama nyenzo, linaonyesha kwamba pombe hupandisha shinikizo la damu." Taja pia Asia ya Mashariki katika sentensi hiyohiyo, kwa sababu huku kwetu toleo hilo ni kama halipo, na wenzo usiokuwepo hauwezi kusukuma gogo la Iringa.