Goti la mzee limevimba ghafla na hajaanguka: usiridhike na jibu la "limesagika"

Swali: *Mama yangu ana miaka 76. Usiku alilala vizuri, alfajiri akaamka goti la kulia limevimba, lina joto, hataki hata shuka limguse. Hajaanguka wala kujigonga. Tumepiga eksirei, tukaambiwa goti limesagika kwa umri, tukapewa dawa za maumivu. Jirani ambaye ni tabibu anasema inaweza kuwa jongo bandia. Hivi vitu viwili vinatofautianaje, na tufanye nini?*

Mpe mama pole sana. Nianze na la haraka: goti la namna hiyo linatakiwa kuvutwa maji kwa sindano na maji hayo yapimwe, ikiwezekana leo hii, hata kama eksirei imeonyesha kusagika. Hofu kubwa hapo siyo jongo bandia. Hofu ni bakteria, kwa sababu maambukizi ndani ya goti huanza kwa sura hiyohiyo, na yakiachwa huweza kuharibu gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, ndani ya siku chache. Kwa kuangalia na kushika tu, hata daktari mzoefu hawezi kuyatenganisha kwa uhakika. Homa nayo haiamui, maana jongo bandia huweza kuleta homa, na mzee mwenye bakteria gotini anaweza asipate homa kabisa.

Mimi ni muuguzi, na miaka mingi nimeipitisha kwenye kliniki ya mifupa na viungo. Jibu mlilopewa nimelisikia likitolewa mara nyingi, na kwa kawaida siyo la uongo. Tatizo ni kwamba linajibu swali lingine. Eksirei ya mtu wa miaka 76 mara nyingi itaonyesha nafasi ya goti imepungua na vijifupa vimeota pembeni. Hayo yamejijenga kwa miaka mingi. Yalikuwepo wiki iliyopita mama alipokuwa anatembea, kwa hiyo hayawezi peke yake kueleza kilichotokea kati ya usiku na alfajiri.

Goti lililosagika lina tabia zake. Linauma ukilitumia, kwenye ngazi au ukisimama muda mrefu, na linatulia ukikaa. Asubuhi linakaza, lakini mtu akitembea kidogo linalegea, kwa kawaida kabla ya nusu saa kupita. Linaweza kujaa maji, ila huja polepole na goti halichomi mkono ukiligusa. Ukiuliza lilianza lini, mgonjwa hakumbuki. Mwenye jongo bandia hukutajia saa. Maumivu hupanda hadi kileleni ndani ya saa chache au siku moja, goti linakuwa la moto, mara nyingine jekundu, na linauma hata akiwa amelala bila kujigeuza.

Chanzo cha jongo bandia ni fuwele ndogo sana za chumvi iitwayo kalisiamu pairofosfeti. Hizi hujijenga ndani ya gegedu kadiri umri unavyokwenda, na watu wengi wanazo bila kujua. Siku fuwele hizo zikidondoka kutoka kwenye gegedu na kuingia kwenye maji ya goti, seli nyeupe za damu huzivamia kana kwamba ni adui, na vita hivyo ndivyo vinavyoleta moto na uvimbe. Jongo la kweli linafuata njia hiyohiyo, ila fuwele zake ni za asidi ya yuriki, na mara nyingi shambulio la kwanza hupiga kidole gumba cha mguu. Jongo bandia hupenda goti, likifuatiwa na kifundo cha mkono. Daktari wa Kimarekani Daniel McCarty na wenzake ndio waliozitambua fuwele hizi kwenye maji ya viungo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo wagonjwa hawa walihesabiwa kuwa na jongo.

Nikupe mfano wa mtu niliyemuuguza mwenyewe, mama mkwe wangu. Alikuwa na miaka 78, magoti yake yalikuwa yamesagika kwa muda mrefu, na alilazwa kwa nimonia. Miguu ilikuwa imejaa, akaongezewa dawa ya kukojoa, furosemaidi. Nimonia ilipoanza kutulia, goti la kushoto likalipuka usiku. Wodini wa kwanza kuliona alisema ni lilelile goti lake la siku zote. Mimi nilikataa kwa sababu ya mazingira yenyewe: ugonjwa mkali unaolaza mtu, upasuaji, upungufu wa maji mwilini na dawa za kukojoa ni vichochezi vinavyojulikana vya jongo bandia. Lakini kwa mtu aliyetoka kwenye nimonia, bakteria waliosafiri kwenye damu hadi gotini nao walikuwa na nafasi yao. Kwa hiyo tuliomba maji yavutwe kabla hajaongezewa antibayotiki nyingine, na kabla ya mtu yeyote kufikiria kumchoma steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe.

Yalitoka kama mililita 40, ya njano na yenye ukungu. Hapo tayari kuna la kujifunza, maana maji ya goti lililosagika tu huwa maangavu, unaweza karibu kusoma maandishi kupitia bombani. Maabara ilihesabu seli nyeupe 22,000 kwa kila mikrolita. Goti la kusagika kwa kawaida haliifikii 2,000. Shambulio la fuwele mara nyingi huwa kati ya 10,000 na 50,000, na usaha wa bakteria mara nyingi huvuka hapo, ingawa mipaka hii huingiliana na hakuna anayepaswa kuiamini peke yake. Chini ya darubini yenye vichujio maalumu vya mwanga zikaonekana fuwele fupi zenye umbo la msambamba, zenye mng'ao hafifu. Za jongo la kweli ni ndefu, nyembamba kama sindano, na zinang'aa sana. Hizi za jongo bandia hupitwa kirahisi, kwa hiyo fomu ya maabara iandikwe wazi kwamba zinatafutwa, na maji yapelekwe yakiwa bado mapya.

Kuonekana kwa fuwele hakukumaliza kazi. Fuwele na bakteria vinaweza kukaa goti moja, na ndiyo maana maji yaleyale yalipakwa rangi kutafuta bakteria na mengine yakaoteshwa maabara kuona kama bakteria watakua. Majibu ya kuotesha yaliporudi bila kitu, ndipo akachomwa steroidi ndani ya goti. Niseme pia kwamba kule kuvutwa maji tu kulimpunguzia maumivu kiasi cha kukubali kukunja goti jioni ileile.

Turudi kwenye eksirei ya mama, maana bado ina kazi. Mwombe daktari aitazame tena akitafuta mstari mweupe mwembamba, kama uliochorwa kwa chaki, ndani ya ile nafasi inayoonekana tupu kati ya mifupa miwili. Huo ni chokaa ndani ya gegedu. Ukiwepo, mashaka ya jongo bandia yanapata nguvu. Usipokuwepo haujafuta kitu, kwa sababu wapo wenye fuwele ambao picha haionyeshi. Wakati mwingine picha ya kifundo cha mkono huuonyesha vizuri kuliko ya goti. Kipimo cha asidi ya yuriki kwenye damu sikitegemei sana hapa. Mzee anaweza kuwa nayo juu na tatizo la goti likawa lingine, na hata mwenye jongo la kweli anaweza kukutwa na kiwango cha kawaida katikati ya shambulio.

Kuhusu matibabu, ikishathibitika hakuna maambukizi, njia ni chache. Kuna barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kupumzisha goti kwa siku mbili tatu (siyo wiki, msuli wa paja la mzee hunywea upesi mno), kuvuta maji, na steroidi ndani ya goti. Kama sindano haiwezekani, kuna vidonge vya prednisoloni kwa muda mfupi au kolchisini kwa dozi ndogo. Kolchisini inahitaji figo ziangaliwe kwanza, inagombana na baadhi ya dawa kama klarithromaisini, na mgonjwa akianza kuharisha isimamishwe na daktari aambiwe. Ninachokiogopa zaidi ni hizo "dawa za maumivu" mlizopewa. Kama ni diklofenaki au ibuprofeni, na mama ana presha, figo dhaifu, moyo mbovu au aliwahi kuwa na vidonda vya tumbo, ulizeni kabla ya kuendelea nazo. Wazee wanaotapika damu kwa dawa hizi nimewaona.

Shambulio likiisha, mara nyingi ndani ya siku kadhaa hadi wiki mbili au tatu, goti la kusagika litabaki vilevile na litadai huduma yake, hasa mazoezi ya kuimarisha paja. Magonjwa haya mawili mara nyingi huishi pamoja, kwa hiyo usishangae kuambiwa anayo yote. Tofauti na jongo, hakuna dawa ya kuyeyusha fuwele hizi. Kwa anayerudiwa mara kwa mara, madaktari huweza kumpa kolchisini kidogo kila siku ili mashambulio yapungue.

Na tafadhali msimnyime nyama. Masharti ya chakula ya jongo yanahusu asidi ya yuriki, ambayo hapa haimo. Vilevile, kwa kuwa fuwele zina kalisiamu, ndugu watakuja na ushauri wa kumkatia maziwa. Hayahusiani, na mifupa ya mtu wa miaka 76 inayahitaji. Kinachofaa kuangaliwa kwenye damu ni kiwango cha kalisiamu na magnesiamu, kwa sababu tezi za parathairoidi, zile za shingoni zinazoongoza kalisiamu ya damu, zikizidisha kazi, au magnesiamu ikishuka, fuwele hujijenga zaidi. Kwa mtu wa chini ya miaka 60 uchunguzi huo ni wa lazima, pamoja na kuangalia kama madini ya chuma yamejazana mwilini.

Mkienda leo, bebeni dawa zake zote, hata za presha. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, daktari ajue kabla ya sindano. Mara nyingi haizuii goti kuvutwa maji, lakini inaongeza jambo la tatu la kufikiria: damu kuvujia ndani ya goti bila kuumia, nayo huvimbisha ghafla hivyohivyo, na bomba la sindano ndilo litakaloonyesha.