Usaili mkubwa wa hifadhi: kurekebisha ulichosema mwanzo

"Natoka Uganda, niko Uingereza, naomba hifadhi ya ukimbizi. Kwenye usaili wa kwanza nilimwogopa mkalimani, nikasema nimekimbia siasa, kumbe ni kwa sababu mimi ni shoga. Nifanyeje?"

Pole ndugu. Mwambie wakili wako sasa, aandike barua ya marekebisho kabla ya usaili mkubwa. Ukingoja maofisa wa uhamiaji wakubane wao, itaonekana umebuni. Sababu ni hiyo hiyo ya kweli: ulihofia mkalimani angepeleka habari nyumbani. Omba abadilishwe.

Tarehe usiyoikumbuka usiitunge. Sema "baada ya Pasaka, kabla sijahama Masaka". Picha za ngono usipeleke, sera ya maofisa hao inakataza kuzipokea. Na mpenzi aliyebaki huko, usimwombe ushahidi kupitia simu ambayo wengine wanaishika.