Nitajuaje nani anaifadhili taasisi hii?

"Tovuti ya taasisi ya utafiti ya Marekani inasema tu 'tunafadhiliwa na wahisani mbalimbali'. Nawezaje kujua ni akina nani?"

Shuka kwanza chini kabisa ya ukurasa, utafute jina kamili la kisheria. Mara nyingi si lile lililo kwenye nembo, na ndilo utakalotumia kutafuta kumbukumbu.

Kisha angalia usajili wa tovuti kwa amri hii kwenye terminali, ukiweka anwani ya tovuti yao badala ya jina.org:

```
whois jina.org
```

Mwaka 2015 njia hii iliwaumbua Global Energy Balance Network, waliosisitiza mazoezi kuliko chakula katika suala la unene. Tovuti yao ilisajiliwa kwa anwani ya makao makuu ya Coca-Cola, Atlanta, nayo kampuni ilikuwa imewapa dola milioni 1.5. Tangu 2018 majina mengi ya wasajili hufichwa, kwa hiyo usipoona kitu usidhani pako safi.

Hapo fungua ProPublica Nonprofit Explorer, hifadhi ya mtandaoni ya fomu za kodi za mashirika yasiyo ya faida, usome Form 990 yao, yaani taarifa yao ya kila mwaka kwa mamlaka ya kodi ya Marekani. Majina ya wafadhili kwa kawaida huwa yamefutwa kwenye Schedule B, kiambatisho cha fomu hiyo kinachoorodhesha wafadhili, na wengi hukata tamaa hapo. Igeuze kazi: tafuta jina lile la kisheria ndani ya fomu za watoaji. Wakfu binafsi hulazimika kuorodhesha kila ruzuku kwenye Form 990-PF. Ukikutana na mfuko kama Fidelity Charitable, huo ni mpitishaji tu. Mwenye fedha hatajwi.

Rudi kwenye Form 990 ya taasisi yenyewe, usome pia Part VII, Section B: wakandarasi watano wanaolipwa zaidi. Kampuni ya mahusiano ya umma ikichukua sehemu kubwa ya bajeti, mimi ningetilia shaka neno "utafiti".